Ndoo Tatu Ziingie, Mbili Zitoke

Katika miaka yote aliyofanya kazi hotelini, shangazi yangu hakuwahi kusifiwa na mgeni hata mmoja. Hilo halikuwa kosa la wageni. Alichokipika yeye hakikufika mezani kwa jina lake. Kilimezwa kwanza na vyakula vya wenzake: mchuzi wa nyama, wali wa karamu, supu ya mboga, maharage ya wafanyakazi. Jikoni walikiita supu mama, kwa sababu vingine vyote vilizaliwa humo. Yeye mwenyewe walimwita Mama Mifupa, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko la cheti chake cha kuzaliwa.

Mimi nilikuwa mhudumu wa mapokezi wa hoteli hiyohiyo, kijana mwenye stashahada mfukoni na tai shingoni, na nilikaa nyumbani kwake mpaka nilipooa. Mpaka leo nikipita mahali mtu anapochemsha mifupa ya ng'ombe na vitunguu, miguu inapunguza mwendo yenyewe. Harufu hiyo ilikuwa kwenye kanga zake, kwenye mto wa kiti chake, hata kwenye noti alizonipa za nauli. Siku hizi watu wanachana karatasi, wanamwaga unga wa manjano kwenye maji ya moto, na wanasema wamepika supu. Siwalaumu wasiojua. Nawalaumu wanaojua.

Kazi yake ilianza kwa mtu wa buchari. Shangazi hakupokea mfupa kabla ya kuugeuza. Mifupa mitupu ya mapaja, iliyong'aa kama imepigwa msasa, aliirudisha. "Hii ni fimbo," alimwambia. "Niletee magoti, niletee vifundo, niletee shingo. Gundi iko kwenye viungo, baba, haiko kwenye fimbo." Kisha mifupa ilioshwa, ikalazwa sufuriani, na maji baridi yakamwagwa juu yake. Yalikuwa baridi kwa makusudi. Alisema ukiumwagia mfupa maji ya moto unaufunga mdomo, na uchafu wake unavurugika ndani badala ya kupanda juu uutoe.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Ukitaka lita moja ya supu, weka kilo moja ya mifupa, lita moja na nusu ya maji, na mboga konzi moja. Konzi hiyo, ukiipima, haikupita sana gramu mia moja na ishirini: nusu yake vitunguu, robo karoti, robo mabua ya selari. Ile nusu lita ya ziada haikuwa ya mtu. Kidogo kilibaki kwenye mifupa na kwenye povu, na kingine chote kiliondoka na mvuke. Kwa siku ya kawaida hotelini aliweka kilo thelathini za mifupa na ndoo tatu za maji, kila ndoo lita kumi na tano. Jioni alitoa ndoo mbili.

"Ndoo tatu ziingie, mbili zitoke," alisema. "Moja ni ya moto. Moto nao unakula."

Mboga hazikuingia asubuhi. Ziliingia alasiri, saa moja tu kabla ya kuchuja, kwa sababu karoti iliyopikwa kutwa nzima huwa haina la kutoa, inabaki kulegea na kuichafua supu. Na moto ulikuwa mdogo siku zote. Kiputo kimoja hapa, kingine kule, kama mtu anayeongea usingizini. Supu ikichemka kwa nguvu, mafuta na povu vinagongana humo ndani na inatoka nyeupe kama maji ya kufulia.

Sheria ya chumvi ndiyo ilikuwa kali kuliko zote. Hakuna aliyeruhusiwa kutia chumvi kwenye supu mama. Mpishi mkuu alipokuwa mgeni jikoni aliwahi kutia asubuhi, kidogo tu, kwa nia njema. Jioni, maji yalipopungua, Shangazi alimpa kijiko aonje. Yule bwana alikunja uso wote.

"Asubuhi ilikuwa sawa kabisa," alijitetea.

"Asubuhi kulikuwa na ndoo tatu," Shangazi akamjibu. "Chumvi haiondoki na mvuke, Mpishi. Maji yanaondoka, yenyewe inabaki inakungoja."

Akacheka, naye Mpishi akacheka, na toka siku hiyo walielewana. Mpishi alikuwa muungwana, na alijua kazi yake.

Ilikuwapo sheria moja zaidi, na hiyo haikuwa na mzaha. Maji huingia mara moja tu. Ndoo tatu zikishaingia asubuhi, hakuna tone jingine linaloongezwa, si wakati supu inachemka, si baada ya kuchujwa. Ukikosa, umekosa. Sheria hiyo ilikuwa na historia, na lazima niieleze, maana bila hiyo mtu atamwona alikuwa mkaidi tu.

Sufuria ile aliirithi kwa mzee mmoja waliyemwita Fundi Upawa. Shangazi alipoajiriwa alikuwa muosha vyombo, msichana asiyejua tofauti ya shingo na mkia, na Fundi Upawa ndiye aliyemwita siku moja akamwambia, "Njoo huku, binti, uache kunisikiliza kwa mgongo." Alimfundisha kila kitu: maji baridi, moto mdogo, povu, mboga za mwisho. Alimfundisha pia kisahani. Unachota supu kijiko kimoja, unakiweka kwenye kisahani, unakitia kwenye friji. Kikipoa, supu nzuri inaganda na kutetemeka ukiitikisa. Supu hafifu inabaki maji. Hakuna njia ya kubishana na kisahani.

Halafu Fundi Upawa akaanza kuuza nusu ya mifupa mlango wa nyuma na kuziba pengo kwa maji ya bomba, wenzake wa jikoni wakiwa wameenda kula. Ilichukua muda kujulikana. Aliyemfichua hakuwa mtu, kilikuwa kisahani. Mpishi mkuu wa enzi hizo alikiweka juu ya meza ya katikati, mbele ya watu wote, akakiinamisha, na supu ikatiririka mpaka sakafuni. Mzee alivua aproni akaikunja vizuri, akaondoka. Shangazi alimpenda kama baba. Aliniambia kwamba siku hiyo hakulia kwa sababu mzee amefukuzwa. Alilia kwa sababu alikuwa amejifunza ukweli kutoka kwenye mkono wa mwongo, na hakujua aufanye nini.

Alichofanya ni kuujengea uzio. Maji mara moja tu. Watu wengi hujenga maadili yao hivyo, wanaweka uzio mbali na shimo ili wasilisogelee kabisa. Si vibaya. Ubaya unakuja pale mtu anapoanza kuulinda uzio na kusahau shimo liko wapi.

Sasa nifike kwenye sufuria.

Ile ya zamani ilikuwa ndefu, nyembamba, na nzito kuliko mtu. Ilikuwa imechomelewa chini mara nyingi hata ikawa na viraka kama suruali ya mwashi. Wiki moja, Alhamisi, ikatoboka kabisa ikiwa motoni. Waliokoa supu ya siku hiyo, wakaimalizia kwenye vyombo vingine, na sufuria ikabebwa nje na wanaume wawili. Shangazi aliisindikiza mpaka uani. Mkata mboga, mwanamke mwembamba waliyemwita Karoti, akamwuliza kama wakachimbe kaburi.

"Chimba," Shangazi akasema. "Na wewe ulale humo uipashe joto."

Mwenye hoteli tulimwita Mama Hoteli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane aliyebaki na jengo la ghorofa mbili na midomo mingi ya kulisha, na kila asubuhi aliamka akihesabu kitakachoharibika. Siku nyingi alikuwa na wazo la unga wa supu. Unga hauhitaji mifupa, hauhitaji gesi ya kutwa, na wala hauna shingo ya kugeuzwageuzwa. Sufuria ilipotoboka, wazo likapata miguu. Hata hivyo alimsikiliza Mpishi, akaenda mwenyewe kununua sufuria mpya, akaileta jioni hiyohiyo. Ilikuwa inang'aa, fupi, na pana. Ilikalia majiko mawili kwa pamoja.

"Mama Mifupa," akamwambia mbele yetu, "sufuria ndiyo hii. Jumamosi tuna karamu ya mwalimu mkuu anayestaafu, watu mia, na kwenye kadi tumeandika supu ya ng'ombe. Supu ikitosha na ikiwa nzuri, utaendelea na mifupa yako. Isipotosha, Jumatatu naleta unga, na wewe utahamia kwenye viazi. Sikutishi. Nakueleza mapema usije ukasema sikukueleza."

"Nimesikia, mama," Shangazi akasema.

Tukirudi nyumbani, karibu na mlango, akasema, "Viazi siviogopi. Viazi ni kazi. Lakini watu watakunywa unga, baba, na hakuna atakayejua tofauti. Hilo ndilo naliogopa."

Hesabu ya karamu ilikuwa rahisi. Watu mia, kila mmoja robo lita, ni lita ishirini na tano. Mchuzi wa nyama ulihitaji tano. Jumla thelathini, yaani ndoo mbili kamili, yaani kazi yake ya kila siku. Ijumaa alfajiri aliweka kilo thelathini za mifupa, magoti na shingo tupu. Akamwaga ndoo tatu. Akawasha moto mdogo kwenye majiko yote mawili, maana jiko moja lilikuwa linapasha upande mmoja tu. Akachukua mwiko wa matundu akaanza kuondoa povu. Kila kitu kilikuwa kama jana na juzi.

Kasoro umbo. Sufuria nyembamba ilikuwa imeacha wazi uso mdogo wa maji. Hii pana ilifungua karibu uso mara mbili, na mvuke unatokea usoni, hautokei tumboni. Kilo za mifupa zilikuwa zilezile, ndoo zilezile, saa zilezile, ila mlango wa kutokea ulikuwa umepanuliwa. Shangazi alikuwa amepika maisha yake yote kwenye chombo kimoja. Alijua kipimo chake kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwao gizani, na kosa alilofanya ni lile la mtu aliyehamia nyumba nyingine akashuka ngazi bila kuwasha taa.

Karoti ndiye aliyeona kwanza. Alikuja na beseni la vitunguu alasiri, akachungulia, akaona goti la ng'ombe limetoa kichwa nje ya supu.

"Dada, huyu ng'ombe anataka kutoka."

Shangazi alilisukuma goti chini kwa mwiko. Likazama, jingine likaibuka.

"Maji yanakimbia, dada. Ongeza hata jagi moja."

"Maji yanaingia mara moja."

"Hiyo ni kwa sufuria ile marehemu."

"Sheria haina sufuria," Shangazi akasema, akapunguza moto mpaka ukawa wa kuonekana kwa shida. Kisha akatia mboga, kilo tatu na nusu kama kawaida, na mboga nazo zikakosa pa kuogelea, ikabidi azigeuzegeuze kama anakaanga.

Jioni wakachuja. Nilikuwa nimeshuka kuuliza idadi ya meza, nikasimama mlangoni. Ndoo ya kwanza ikajaa. Ya pili ikafika theluthi yake na chujio likaanza kudondosha matone. Shangazi aliinamisha sufuria. Mpishi akaishika upande wa pili wakaiinamisha zaidi. Hakukuwa na kitu. Lita ishirini.

Buchari ilikuwa imefungwa, mifupa mingine ingepatikana kesho asubuhi, na mifupa ya ng'ombe inataka kutwa nzima. Karamu ilikuwa kesho mchana. Watu arobaini wangekaa mbele ya bakuli tupu, au zile lita tano za mchuzi zingekosekana na bado watu ishirini wakose. Shangazi alifuta mikono yake kwenye aproni, polepole, kila kidole.

"Nendeni mkamwambie Mama Hoteli," akasema. "Mwambieni haikutosha."

"Subiri kwanza," Mpishi akasema. Alichota kijiko, akapuliza, akaonja. Akafumba macho. "Mama, onja hii."

"Nimeshaona ilivyo."

"Onja."

Akaonja. Ilikuwa nzito, rangi ya chai ya rangi iliyokaa, na ilinata midomoni. Aliijua ladha yake, lakini ilikuwa kama sauti ya mtu unayemfahamu anapozungumza karibu mno na sikio.

Karoti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakuna goti. "Mimi sina elimu ya supu," akasema. "Mimi ni wa visu. Lakini si wewe unayetuambia kila siku chumvi haiondoki na mvuke?"

"Ndiyo."

"Sasa utamu wa mifupa umeondoka na nini?"

Shangazi akamtazama.

"Kilo thelathini umeweka," Karoti akaendelea. "Hakuna aliyekuibia hata kifundo, nilikuwa hapa, ningemla mkono. Kilichopanda juu ni maji matupu. Nimeyaona yanadondoka kwenye dari, yananidondokea mimi, na hayana hata ladha. Moto umekula ndoo mbili kasoro badala ya moja. Mnyang'anye chake."

"Unaniambia nitie maji kwenye supu iliyochujwa."

"Nakuambia urudishe."

"Fundi Upawa naye alisema anarudisha."

Hapo Karoti alirudi kukuna goti lake. Mpishi alijua jibu, nina hakika, na angeweza kutoa amri tu, jiko lilikuwa lake. Hakutoa. Kuna mambo ambayo mkubwa mwenye busara humwachia mtu ayafikie kwa miguu yake mwenyewe.

Shangazi alikaa kitako. Naona bado alivyokaa, mikono miwili juu ya mapaja, viganja juu. Mimi wakati ule nilikuwa upande wa uzio. Nilifikiri: kama ametunza sheria hii maisha yote, basi aitunze na leo, hata akienda kwenye viazi atakwenda na kichwa juu. Nadhani vijana wengi tunapenda sheria kwa sababu bado hatujaitwa kuzieleza.

Yeye akainuka akaenda kwenye friji. Alitoa kikombe kimoja cha supu ya Alhamisi, ile iliyookolewa kutoka kwenye sufuria ya zamani, iliyobaki kwa ajili ya michuzi. Akachota kijiko akakiweka kwenye kisahani kimoja. Akachota supu mpya akaiweka kwenye kingine. Visahani vyote viwili akavitia ndani. Kisha akaniambia, "Baba, nenda kamwite Mama Hoteli. Usimwambie kitu. Mwambie namhitaji jikoni."

"Kabla hujafanya kitu?" Mpishi akauliza.

"Kabla. Nikishafanya ndiyo nimwite, nitakuwa namwita aje kufanya nini?"

Mama Hoteli alikuja na funguo zake kiunoni, akaiona ndoo isiyojaa, akaelewa. Alipumua kwa pua. Shangazi hakumpa nafasi ya kuanza.

"Supu imepungua, mama. Nilitakiwa nitoe lita thelathini, nimetoa ishirini. Sufuria ni pana, sikuijua, na niliambiwa maji yanakimbia nikakataa kusikia. Kosa ni langu."

Akatoa visahani. Supu ya Alhamisi alipoitikisa ilitetemeka kama shavu la mtoto mnene. Ile mpya haikutetemeka hata kidogo. Alichukua kisu akaikata vipande viwili, na kila kipande kikasimama peke yake.

"Hii ya kwanza ndiyo uliyozoea kuuza," akasema. "Hii ya pili ina kila kitu cha hiyo ya kwanza, ila imenyimwa maji. Nataka kuyarudisha. Nataka uwepo nikiyarudisha."

Mama Hoteli alikishika kisahani akakigeuza juu chini. Supu ikang'ang'ania.

"Hebu nieleze," akasema taratibu. "Miaka yote umeniambia anayeongeza maji ni mwizi. Yule mzee tulimfukuza kwa hilo. Kama leo maji yanaongezwa kwa halali, siku utakapoongeza kwa haramu nitajuaje?"

"Kisahani kitakwambia."

"Na wewe ndiye unayekishika kisahani."

"Kishike wewe. Kishike mtu yeyote. Hakina undugu na mtu."

Mama Hoteli akavuta kiti.

Shangazi alichemsha maji kwenye birika safi, kwa maana maji mabichi yangeichachua supu usiku. Supu ikarudishwa motoni, safari hii kwenye sufuria ndogo mbili zenye vifuniko. Akaongeza lita tatu, akakoroga, akachota kisahani akakitia kwenye friji. Wakangoja. Wakati wa kungoja Karoti alisimulia habari za shemeji yake aliyeoga na sabuni ya vyombo, na hata Mama Hoteli akacheka bila kupenda. Kisahani kikatoka: kigumu bado. Akaongeza tatu nyingine. Kikatoka: kimeanza kulegea pembeni. Akaongeza mbili. Akaongeza moja. Visahani viwili vikawekwa sambamba, akavitikisa kwa pamoja, mkono huu na mkono huu, na vikatetemeka sawasawa.

"Basi," akasema.

"Umeongeza tisa," Mpishi akamwambia. "Imebaki lita moja tufike thelathini."

"Imebaki, ndiyo. Saa ya mwisho magoti yalikuwa nje ya maji, hayakutoa chao chote. Hiyo lita moja sina. Nikiitia itakuwa maji."

"Lita moja kwenye thelathini, dada," Karoti akasema. "Nani atahisi?"

"Mimi."

Mpishi akatikisa kichwa, akasema kesho mchuzi wa nyama utatengenezwa kwa lita nne na utakuwa mzito kidogo, hakuna atakayekufa. Mama Hoteli aliinuka, akaweka kisahani juu ya meza, akatoka. Hakusema ndiyo wala hapana.

Usiku huo Shangazi hakula. Alikaa kwenye kiti chake akanisimulia habari za Fundi Upawa, ambazo nilikuwa nimezisikia vipandevipande tu. Aliniambia mzee alikuwa na mtindo wa kuonja supu huku amefumba jicho moja, na kwamba yeye mwenyewe alijikuta anafumba jicho lilelile kwa miaka mingi mpaka alipojigundua akaacha. "Leo nimemfanyia haki," akasema. "Siyo kumsamehe. Alichofanya kilikuwa wizi na bado ni wizi. Lakini nilikuwa nimemtupa yeye na maji kwa pamoja." Kisha akaniomba nizime redio.

Jumamosi karamu ilifanyika. Mwalimu mkuu alikuwa bwana mrefu mwenye sauti ya kuita paredi, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa na mvi. Bakuli zilitoka jikoni mia moja, zimejaa kiasi kimoja, supu ya rangi ya asali nyeusi, ikionyesha mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli. Mimi nilikuwa mlangoni, nilivyofundishwa, nikitazama zinazorudi. Zilirudi tupu. Mzee mmoja aliinamisha bakuli yake akanywa tone la mwisho kwa mdomo, na mkewe akamfinya. Hakuna aliyeuliza nani kapika, na hilo, kama nilivyosema, ndiyo ilikuwa kawaida.

Mama Hoteli alikula meza ya nyuma peke yake. Alimaliza supu, akaweka kijiko. Halafu alikuja jikoni.

"Hiyo sufuria," akamwuliza Shangazi, "utaiweza?"

"Nipe kesho niipime."

Jumapili hotelini kulikuwa na kazi ndogo. Shangazi aliijaza sufuria pana maji matupu, bila mfupa, akaiacha kwenye moto wake mdogo na kuipima kwa kijiti, mara wazi, mara imefunikwa nusu. Alikuwa akiitazama kama mtu anayemtazama mkwe mpya, bila chuki, bila haraka ya kumpenda. Mwisho akapata hesabu: ndoo tatu na nusu, kifuniko nusu, mbili zitoke. Karoti alilalamika kwamba hesabu hiyo haina utamu mdomoni, ile ya zamani ilikuwa kama wimbo. Na hapo Shangazi akaweka sheria mpya, aliyoifuata mpaka alipostaafu: kila jioni kisahani kikae mezani katikati, na mtu yeyote apitaye, hata muosha vyombo, aruhusiwe kukitikisa.

Nimefanya kazi mahali pengi tangu wakati huo. Nimekutana na watu wenye sheria nyingi kuliko Shangazi na wachache sana wenye kisahani.

Jumatatu asubuhi nilifika mapema. Hapakuwa na unga wa supu. Mtu wa buchari alikuwa amesimama mlango wa nyuma na mzigo wake, na Shangazi alikuwa ameinama juu yake, mikono imelowa, anageuza mfupa mmoja baada ya mwingine.

"Hii nini?"

"Paja, mama. Paja zuri kabisa."

"Fimbo hiyo. Rudi nayo uniletee magoti. Mama Hoteli kasema kilo thelathini, na fimbo haziingii kwenye kilo."

Yule bwana akalalamika kwamba alidhani wameacha mambo ya mifupa, kasikia mjini. Shangazi akamwambia mjini wanasikia mengi, akaichukua shingo moja akaipima mkononi, akaiweka upande wa zinazobaki.